Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Je, uongo mdogo wa kumfurahisha mtu unaruhusiwa?

Ninafundisha somo la maadili chuoni hapa Moshi. Maswali yaliyopo hapa nimeulizwa darasani, kwenye vikao vya harusi, kwenye jumuiya, na mara moja ndani ya daladala ya Kibosho na abiria aliyekuwa amesikia mazungumzo yangu ya simu. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale magumu. Mengi yanarudi kwenye kisa kimoja, cha bakuli la mtori, kilichonipata mimi mwenyewe. Kipo swali la 4.

## Misingi

1. Uongo mdogo ni upi hasa?

Mtu anasema uongo anapotamka jambo ambalo yeye mwenyewe anaamini si kweli, huku akitaka anayemsikiliza alipokee kuwa kweli. Ukimwambia mgeni kwamba basi la saa tatu limeshaondoka, kumbe bado lipo stendi na wewe hukujua, hujadanganya. Umekosea tu.

Uongo huwa mdogo, ule ambao wengine huuita uongo mweupe, ukiwa na mambo mawili zaidi. Kwanza unasemwa kwa faida ya anayeambiwa, kumwepusha na aibu au kutomvunja moyo. Pili, kinachoweza kuharibika ni kidogo. Sharti la kwanza ndilo linalowaangusha wengi. Tunajiambia tunamlinda mwenzetu, kumbe tunajilinda sisi tusionekane wabaya. Jipime hivi: kama ungekuwa na hakika kwamba ukisema kweli hakuna atakayekulaumu wala kukununia, bado ungeona haja ya kudanganya? Kama jibu ni hapana, uongo huo ulikuwa wako, si wake.

2. Nikijibu "nzuri" huku hali yangu si nzuri, nimedanganya?

Hapana. Sikiliza watu wanavyosalimiana nje ya wodi asubuhi: "Habari za huko?" "Nzuri, ila mama amelazwa tangu juzi." Hakuna anayemwambia huyo amejipinga mwenyewe. Ile "nzuri" ilikuwa kuitikia hodi, na taarifa imekuja baada ya "ila". Ndivyo ilivyo hata kwa anayekaribishwa chakula akajibu "ahsante, nimeshiba" huku njaa inamuuma. Aliyemkaribisha anaujua utaratibu huo na hakuna alichodanganywa.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani ambaye alikuwa mkali kuliko karibu wote katika suala hili, aliligusa jambo hilihili. Alitaja desturi ya wakati wake ya kumalizia barua kwa kujiita mtumishi mtiifu wa unayemwandikia, akasema hakuna anayedanganyika kwa maneno hayo.

Mambo hubadilika mwulizaji akisimama, akakushika mkono, akarudia: "Nakuuliza kweli, unaendeleaje?" Hapo salamu imekwisha. Neno lilelile "nzuri" sasa ni taarifa, na likiwa si kweli ni uongo.

3. Nimesema kwenye simu "niko Tengeru" kumbe ndiyo kwanza napita Boma Ng'ombe. Huo ni uongo mdogo?

Ni uongo wa kawaida. Anayekusubiri Arusha anapanga muda wake kwa neno lako: anaahirisha safari yake, anasimama juani, anaanza kupakua chakula. Faida yote ni yako. Rudi kwenye kipimo cha swali la 1.

## Bakuli la mtori

4. Kisa cha mtori ni kipi?

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza tulikuwa tumepanga chumba na sebule Pasua. Siku ya nne mama mkwe aliteremka kutoka Kibosho na hotpoti lililofungwa kwa khanga, ndani yake mtori. Asiyejua, mtori ni ndizi mbichi, huku kwetu mara nyingi mshare, zinazochemshwa na nyama hadi zilainike kabisa, kisha zinapondwa na kupekechwa mpaka uwe mchuzi mzito. Ndicho chakula cha mzazi Uchagani. Mtori wake ulikuwa umeshika chini ya sufuria, una harufu ya kuungua, na mafuta yameganda juu kama sarafu ndogo ndogo. Tumbo langu lilikataa pale pale. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, bado hajavua kilemba, ananitazama mdomoni. Akauliza, "Ukoje, mama?" Nikajibu, "Mtamu sana, mama. Ahsante."

Akarudi Jumanne, akarudi Alhamisi, akarudi Jumamosi. Kwa wiki sita alileta mtori mara tatu kila wiki, yaani masufuria 18, nyama akinunua kwa hela yake ya kuuzia maziwa. Mimi nilikuwa nakula vijiko viwili akiniangalia. Uliobaki alikula dada wa kazi. Wiki ya sita mama mkwe akamsifia yule dada kwamba amenenepa, naye akajibu kwa furaha, bila ubaya wowote, "Ni mtori wako, bibi. Huwa namalizia mimi."

Mama mkwe hakugomba. Aliniuliza kwa sauti ya chini: "Sasa kwa nini umeniacha nikihangaika?"

Nimelifikiria swali hilo miaka mingi. Hakuniuliza kwa nini sikuupenda mtori wake.

5. Mtazamo wa matokeo unasemaje kuhusu kisa hiki?

Mtazamo huu unapima tendo kwa yanayofuata: nani amenufaika, nani ameumia, kwa kiasi gani. Uongo hauna ubaya wa kuzaliwa nao. Jeremy Bentham, Mwingereza aliyeupa mtazamo huu sura yake, aliandika mwaka 1789 kwamba uongo peke yake, ukitenganishwa na mengine yote, hauwezi kuwa kosa. Ubaya wake unatokana na unachokileta.

Kwa hiyo tuhesabu. Siku ya nne, mezani kulikuwa na furaha ya mama mkwe upande mmoja na vijiko viwili vya mtori upande mwingine. Kwa hesabu ya siku hiyo uongo wangu unashinda bila ubishi, na wanafunzi wangu wengi huishia hapo. Kosa lao ni kufunga daftari mapema mno. Jibu langu halikuwa mwisho wa jambo. Lilikuwa agizo la chakula cha Jumanne. Weka sasa masufuria 18, hela ya maziwa, nauli, magongo ya kuni, asubuhi 18 za mwanamke mwenye magoti mabovu. Weka na siku aliyoambiwa. Furaha ya siku ya nne imemezwa.

Ndiyo maana anayehesabu matokeo vizuri hujiuliza kwanza: huyu kesho atafanya nini na jibu langu? Chukua gauni la harusi. Rafiki yako akikuuliza limemkaaje akiwa bado kwa fundi siku ya Alhamisi, ukweli wako una kazi: mabega yanaweza kufumuliwa na kushonwa upya. Akikuuliza Jumamosi jioni mlangoni mwa ukumbi, hakuna fundi wala muda, na "umependeza" haiwezi kumharibia lolote. Swali ni moja na gauni ni moja, lakini hesabu mbili tofauti kabisa.

6. Na kama hakuna atakayejua kamwe? Si matokeo yatakuwa mazuri tu?

John Stuart Mill, Mwingereza mwingine wa mtazamo huu wa matokeo, alilishughulikia hili mwaka 1861. Alikubali kwamba ukweli una mambo ya kipekee yanayoweza kuuzidi, lakini akasema kuaminika kwa maneno ya watu ni nguzo ya maisha ya pamoja, na kila anayedanganya kwa sababu ya unafuu wa papo hapo anaipunguza nguzo hiyo, pamoja na kuidhoofisha tabia yake mwenyewe ya kusema kweli. Hayo huwa hayamo katika hesabu za haraka.

Mimi naongeza mawili niliyoyaona kwa macho. Kwanza, "hakuna atakayejua" husemwa na mtu asiyehesabu watu waliomo nyumbani. Dada wa kazi alikuwa anajua tangu wiki ya kwanza. Pili, sifa zangu zilipungua thamani. Mwaka uliofuata mama mkwe alipika ndizi nyama nzuri ajabu, nikamwambia kwa moyo wote kwamba ni tamu. Akanitazama kidogo, akauliza: "Tamu kweli, au tamu ya mtori?" Nilikuwa na neno la kweli na sikuwa na njia ya kulifikisha.

Udhaifu wa mtazamo huu uko palepale penye nguvu yake. Anayehesabu ni yuleyule anayetaka kudanganya, na mkono wake haukosi kuegemea upande mmoja wa mizani.

7. Mtazamo wa wajibu unasemaje? Ni kweli Kant alikataza hata uongo wa kuokoa maisha?

Ni kweli. Mwaka 1797, akimjibu Mfaransa Benjamin Constant, Kant aliandika kwamba hata muuaji akibisha hodi kuuliza kama rafiki yako yumo ndani, huna haki ya kumjibu uongo. Wasomaji wengi, na mimi nimo, wanaona hapo alipitiliza. Lakini tusimtupe kwa sababu ya muuaji, maana mtori hauna muuaji, na kwenye mtori ana jambo zito la kusema.

Hoja yake maarufu ni ya kanuni kwa wote. Mwaka 1785 alitoa mfano wa mtu anayekopa akiahidi kulipa huku anajua hatalipa. Kila mwenye shida akifanya hivyo, ahadi hazitasadikiwa tena na hakuna atakayekopeshwa. Uongo wake unategemea wengine wasifanye kama yeye. Kwenye mtori hoja hii haikazi sana. Watu wote tayari husifia chakula cha mgeni, na bado tunaulizana "kikoje?" Dunia haijaanguka, ingawa neno "mtamu" limechakaa.

Hoja yake nyingine ndiyo inayonibana. Mtu asitumiwe kama chombo tu. Aheshimiwe kama mwenye akili na maamuzi yake. Mama mkwe alikuwa anaamua mambo: anunue nyama au dawa ya magoti, ashuke mjini au apumzike. Maamuzi hayo yalikuwa yake, nami nilimwondolea taarifa aliyoihitaji kuyafanya. Hakuna namna angeweza kukubaliana na hilo, kwa sababu uongo hufanya kazi pale tu anayedanganywa hajui. Sasa sikiliza tena: "Kwa nini umeniacha nikihangaika?" Hajasoma Kant hata ukurasa mmoja.

8. Kwa hiyo kwa Kant hakuna nafasi yoyote ya adabu?

Ipo, na ni kubwa kuliko inavyosemwa. Anachokataza ni kutamka uongo. Hakulazimishi kutamka kila kweli unayoijua. Unaweza kunyamaza, unaweza kuchagua kweli ya kusema kati ya nyingi zilizopo. Na siku ile kweli zilikuwepo tele: ametoka mbali, amenikumbuka, hakuna mwingine aliyenipikia. Yote hayo ningeweza kuyasema nikimtazama machoni.

Mwaka huohuo wa 1797, katika kitabu kingine, aliuliza jambo linalofanana sana na mtori. Mwandishi anakuuliza: unakionaje kitabu changu? Ungeweza kukwepa kwa utani, anasema Kant, lakini ni nani ambaye utani uko tayari ulimini kila mara? Ukisita kidogo tu mwandishi ataona umemtukana. Je, umwambie anachotaka kusikia? Akaliacha swali hilo bila kulijibu. Huwa nawaonyesha wanafunzi pengo hilo, kwa sababu mtu mkali namna ile hakuona aibu kuacha jambo wazi.

Waliomfuata walilegeza zaidi. W. D. Ross, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1930 alisema wajibu tunao mwingi: kuwa wakweli, kutoumiza, kushukuru. Kila mmoja unafunga mpaka pale mwingine wenye uzito zaidi utakapougonga, na hapo lazima mtu atumie busara. Kwa Ross, nilipokuwa kitandani pale nilikuwa na wajibu wa kweli na wajibu wa shukrani kwa pamoja. Kosa langu lilikuwa kudhani siwezi kuutimiza mmoja bila kuuvunja mwingine.

9. Je, nikisema kweli inayopotosha? Kwa mfano: "Mama, sijawahi kula mtori kama huu!"

Wanafunzi wanaipenda sana mbinu hii, na ndipo mitazamo mitatu inapoachana waziwazi.

Kwa anayehesabu matokeo, hakuna tofauti. Mama mkwe angeelewa kwamba umenipendeza, angerudi Jumanne, masufuria yangekuwa 18 yaleyale. Kwa wanaofuata wajibu, wapo wanaoona tofauti kubwa: sikutamka uongo, na tafsiri aliifanya yeye. Mimi siioni heshima iliyomo humo, kwa sababu nia yangu ni ileile, aamini nisichokiamini. Kwa mtazamo wa tatu, ule wa tabia njema nitakaoueleza swali la 10, hali ni mbaya zaidi. Uongo wangu wa kwanza ulinitoka kwa kubanwa. Sentensi hii ingehitaji ufundi, na mtu mwenye ufundi wa namna hiyo anautumia na mahali pengine.

Tofautisha na kunyamaza, au kuchagua kweli kama ilivyoelezwa swali la 8. Ukisema "umetoka mbali, mama, ahsante", hutaki aamini jambo lolote la uongo.

10. Mtazamo wa tabia njema unaongeza nini?

Unabadilisha swali. Badala ya "sentensi hii inaruhusiwa?" unauliza "mtu mwema angesema nini hapa, na nikisema hivi mara kwa mara nitakuwa mtu wa namna gani?"

Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliuona wema kama katikati ya makosa mawili, na kwa bahati jambo letu analigusa mara mbili mfululizo, katika sehemu ya nne ya kitabu chake cha maadili. Mara ya kwanza anazungumzia kukaa vizuri na watu. Upande mmoja yupo anayesifu kila kitu ili apendwe, upande wa pili yupo mkorofi asiyejali anamuumiza nani. Katikati ni yule anayependa kuwafurahisha wenzake lakini hukataa furaha hiyo ikiwa italeta madhara, hata kama watakasirika kidogo sasa. Anaongeza kwamba mtu huyo hatazungumza na wote kwa namna moja. Anaangalia ni mkubwa au mdogo, wa karibu au wa mbali. Mara ya pili anazungumzia ukweli juu ya nafsi yako, kati ya anayejikweza na anayejishusha, na hapo anasema uongo wenyewe ni jambo baya la kulaumiwa.

Ukizisoma sehemu hizo mbili pamoja unaona kwamba swali "upole au ukweli?" limeulizwa vibaya. Huyo mtu wa katikati anavyo vyote viwili.

11. Maneno mazuri hayo, lakini huyo mtu wa katikati anaongeaje?

Nilimwona. Wifi yangu alikuja kunijulia hali siku ambayo hotpoti lilikuwa limefika. Akachota kijiko, akacheka: "Mama, leo mafuta umeyamimina eeh! Na chini umeshika kidogo. Nipe minofu na ndizi, huo mchuzi wa juu nauacha." Mama mkwe naye akacheka, akasema moto wa magome ulimzidi nguvu. Basi. Wala hakuna aliyeumia. Siku hiyo nilikuwa na mlango wazi wa kusema "hata mimi, mama, mafuta yananisumbua", nikanyamaza, kwa sababu tayari nilikuwa nimesema "mtamu" mara nne.

Kuna tofauti ya nafasi, sikatai. Yeye ni binti wa kuzaliwa, mimi ni mkwe, na mkwe hasemi "umeshika chini". Aristotle angekubali, kwa kuwa ni lilelile la kuangalia unazungumza na nani. Lakini mkwe naye ana maneno yake: "Mama, ahsante, umenitendea kama mwanao. Tumbo langu tangu nijifungue halipokei mafuta. Ukiniwekea ule wenye mafuta kidogo nitaumaliza." Hakuna uongo humo. Anapata pia anachokihitaji kwa ajili ya Jumanne. Na maneno hayo yanamjibu lile alilokuwa analiuliza kweli ukingoni mwa kitanda, ambalo halikuwa la upishi: je, nimekuhudumia vema?

Anayedanganya kwa adabu mara nyingi hakosi huruma. Hana tu maneno, na maneno hayo hupatikana kwa kuyatumia.

## Mambo ya mpakani

12. Kumficha mgonjwa ugonjwa wake ni uongo mdogo?

Huo si mdogo, hata ukisemwa kwa upendo mkubwa. Sharti la pili la swali la 1 limevunjika: kinachoweza kuharibika ni kikubwa. Mill mwenyewe, katika maandishi yale ya 1861, alitaja kumficha mgonjwa mahututi habari mbaya kuwa kati ya mambo ya kipekee, lakini akataka mipaka yake ijulikane ili yasisambae.

Mpaka ninaouona mimi ni kesho ya mgonjwa. Bibi ambaye anaweza bado kuamua anataka kutibiwa au kurudi kwake Machame, kugawa kihamba, yaani shamba la ukoo, kumwita mwanawe aliye mbali, akidanganywa kwamba ni vidonda vya tumbo tu ananyang'anywa maamuzi hayo yote. Akisema mwenyewe "sitaki kujua, ongeeni na mwanangu", hiyo ni haki yake, na kumwitikia si kumdanganya. Tazama pia swali la 14.

13. Msibani, mama wa marehemu akiniuliza "aliteseka?" na ninajua aliteseka?

Hapa ndipo ninapoachana na Kant. Hakuna Jumanne inayofuata. Hakuna uamuzi ambao mama huyu ataukosea kwa kutojua.

Bado nisingeanza na uongo. Ningetafuta kweli iliyopo: "Hakuwa peke yake. Nilimshika mkono mpaka mwisho." Mara nyingi hiyo inatosha, kwa sababu ndiyo aliyokuwa anaiulizia. Akirudia swali lilelile, huku ananitazama, ningemwambia hakuteseka. Anayehesabu matokeo angeniunga mkono, na naamini mtu mwenye tabia njema angeweza kufanya hivyo na kubaki alivyo. Wa wajibu angenikatalia, na sidai kwamba hana hoja.

Lakini awe ni mama anayeomboleza. Akiwa ni ndugu anayetaka kujua kama mgonjwa alicheleweshewa huduma, jibu hilohilo linafunika jambo linalopaswa kufuatiliwa.

14. Na kama mtu mwenyewe ameniambia "nidanganye tu"?

Wapo wanaosema hivyo kwa dhati: mtunzi wa kwaya anayekuomba umsifie kabla hajapanda jukwaani, utamkosoa kesho. Pingamizi zito la swali la 7, kwamba anayedanganywa hakukubali, linapungua sana hapa. Hakikisha tu kwamba ombi ni lake. "Najua angependa nimdanganye" ni maneno ya anayedanganya.

15. Dini zinasemaje?

Kwa ufupi, maana kila moja ina walimu wake. Augustino, karibu mwaka 395, aliorodhesha aina nane za uongo na kuzikataza zote, ingawa hakuzipa uzito sawa. Thomas wa Akwino, karne ya 13, alitenganisha uongo wa utani, wa kusaidia na wa kudhuru. Wa kusaidia ni dhambi bado, lakini ndogo. Katika Uislamu kuna hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba anayepatanisha watu kwa kusema maneno mema si mwongo. Wanazuoni wametofautiana kama hiyo inaruhusu uongo wa wazi au maneno ya mafumbo tu. Utaona kwamba mabishano ya swali la 9 ni ya zamani sana.

16. Nimeshasema uongo mdogo na sasa unaendelea kuzaa. Nirudi nikasahihishe?

Angalia kama bado unafanya kazi. Kama rafiki yako alivaa lile gauni harusini miaka miwili iliyopita, ukienda leo kumwambia halikumkaa utakuwa unautua mzigo wako juu ya mabega yake. Kama mtu bado anapanga mambo kwa neno lako, sahihisha, na mapema. Mimi ningesahihisha sufuria la pili, ningemwokolea mama mkwe 16.

Ukisahihisha, usianze na chakula. Anza na uongo: "Mama, siku ile nilisema mtamu kwa sababu niliogopa kukuvunja moyo. Mafuta yalinishinda." Usiongeze visingizio, na umwache anune kama anataka kununa.

Mimi nilichelewa, na wiki ya sita nilisema maneno hayo huku nalia. Alikaa kimya muda mrefu, akimsugua mtoto mgongo. Kisha akauliza kama mafuta yote yananisumbua au ya ng'ombe tu. Nikamwambia ya ng'ombe. Alipojifungua wifi yangu mwaka uliofuata nilienda kusaidia jikoni Kibosho, na sufuria lilipoiva mama mkwe alichota kijiko, akakipuliza, akaninyooshea mimi kwanza. "Haya," akasema, "huu ukoje?"

Nikamwambia chumvi haijatosha.